Jina la robo liko kwenye seli moja tu

Chukua ripoti ya wagonjwa wa nje ya zahanati kwa mwaka wa fedha 2024/25. Safu A ina majina ya magonjwa, kisha safu B hadi M zina miezi kumi na miwili, kuanzia Julai hadi Juni. Mstari wa 2 umeandikwa miezi. Juu yake, katika mstari wa 1, kila miezi mitatu imefunikwa na jina la robo: Robo 1, Robo 2, na kuendelea. Msomaji akitupa jicho anaona mara moja kwamba Septemba na Oktoba, ingawa zimekaa jirani, ni za robo mbili tofauti.

Watu wengi hutengeneza kichwa hicho kwa kuchagua B1 hadi D1 katika Excel na kubofya Merge & Center. Seli tatu zinaungana, maandishi yanakaa katikati, na kwa macho kazi imekwisha. Lakini programu haioni hivyo. Kwake, maneno “Robo 1” yamo ndani ya B1 peke yake, na C1 na D1 ni tupu. Ukitaka kuhakikisha, nenda seli yoyote ya pembeni uandike `=C1`. Itakujibu 0.

Madhara yake yanajitokeza pale unapotaka jumla ya robo. Tuseme mstari wa malaria, ulio wa 3, una wagonjwa 412 Julai, 389 Agosti na 455 Septemba. Unaandika fomula hii:

```
=SUMIF($B$1:$M$1,"Robo 1",B3:M3)
```

Jibu sahihi ni 1,256, lakini utapata 412. Fomula imetafuta “Robo 1” katika mstari wa 1, ikaikuta kwenye safu moja, ikachukua Julai na kuacha miezi miwili. Hakuna onyo lolote linalotokea. Hili ndilo linalonifanya niichukie njia hiyo: fomula inayokataa kufanya kazi utaigundua siku hiyohiyo, ila 412 ni namba inayoaminika kabisa, na inaweza kufika hadi wilayani bila mtu kushtuka. Dalili ya kulitambua kosa hili ni jumla ya robo kuwa sawasawa na namba ya mwezi wake wa kwanza.

Dawa ni kutenganisha kichwa cha kusomwa na kichwa cha kuhesabia. Ingiza mstari mpya chini ya ule wa robo, uandike “Robo 1” katika B2, C2 na D2, kila seli na neno lake, kisha fanya hivyo kwa robo nyingine. Miezi sasa imeshuka mstari wa 3 na malaria wa 4, kwa hiyo fomula inakuwa:

```
=SUMIF($B$2:$M$2,"Robo 1",B4:M4)
```

Sasa unapata 1,256. Mstari wa 2 unaweza kuuficha, kwa kuwa SUMIF huendelea kuusoma hata usipoonekana. Mstari wa 1 nao uondolee muungano: chagua B1 hadi D1, bonyeza Ctrl+1, fungua Alignment, ondoa alama kwenye Merge cells, na chini ya Horizontal uchague Center Across Selection. Maneno yatakaa katikati ya miezi mitatu huku kila seli ikibaki peke yake.

Kwa kuwa hesabu haitegemei tena mstari wa 1, unaweza kuuandikia lugha ya kumsaidia msomaji. Andika “Robo ya 1, 2024/25”. Mwaka ni muhimu hapo, maana anayehesabu kwa kalenda ya kawaida huelewa robo ya kwanza kuwa ni Januari hadi Machi, ilhali mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai.

Ukiongeza safu ya “Jumla” baada ya Septemba, yenye `=SUM(B4:D4)`, iache tupu katika ule mstari uliofichwa. Ukiiandikia “Robo 1” kama miezi, fomula ya SUMIF itajumlisha miezi pamoja na jumla yake yenyewe, na malaria itaruka hadi 2,512.

Limebaki la kusogeza jedwali refu. Freeze Top Row hushikilia mstari mmoja tu: ukishuka chini, robo inabaki juu na miezi inapotea. Bofya seli B4, kisha View na Freeze Panes, ili ngazi zote mbili zibaki pamoja na majina ya magonjwa. Kwa karatasi, fungua Page Layout, Print Titles, na kwenye Rows to repeat at top uandike `$1:$3`, ili kila ukurasa utoke na robo na miezi yake.