Je, Wajua? Nyoka Aliyetupa Kidonge cha Presha

Je, wajua kwamba dawa ya presha wanayomeza watu wengi kila asubuhi ilianzia kwenye meno ya nyoka? Nyoka mwenyewe ni jararaka wa Brazili, wa jamii moja na kifutu wetu. Aliyegongwa naye anaweza kushukwa na shinikizo la damu hadi akazirai, na hapo ndipo wanasayansi walipoanza kudadisi.

Je, wajua kwamba sumu hiyo ilifichua jambo lililojificha ndani ya miili yetu? Mwaka 1949 Maurício Rocha e Silva na wenzake huko São Paulo walitangaza kwamba sumu ya jararaka ikikutana na damu huzalisha dutu inayotanua mishipa. Wakaiita bradikinini. Haimo ndani ya sumu. Hutokana na damu yenyewe, na kwa kawaida mwili huivunja haraka sana. Mwaka 1965 mwenzao Sérgio Ferreira akaonyesha hila ya pili ya nyoka: sumu ileile ina vipande vidogo vya protini vinavyozuia bradikinini isivunjwe.

Ferreira akaibeba sumu hiyo hadi London, kwenye maabara ya John Vane. Ikabainika kuwa kimeng'enya kinachovunja bradikinini ndicho hichohicho kinachotengeneza angiotensini, dutu inayobana mishipa na kupandisha presha. Nyoka anapokizuia kimeng'enya hicho kimoja, anapata faida mbili: kinachotanua mishipa kinabaki, kinachoibana kinapungua.

Je, wajua kwamba kumeza sumu ya nyoka hakushushi presha? Kampuni ya Squibb ya Marekani ilitengeneza kipande kimoja cha sumu hiyo, chenye asidi amino 9 tu. Kilipodungwa kwa sindano, presha ilishuka. Kikimezwa, tumbo linakisaga kama protini nyingine yoyote. Ndipo David Cushman na Miguel Ondetti wakabadili njia. Walijua kwamba mahali kimeng'enya kinapofanyia kazi pana atomu ya zinki, kwa hiyo wakabuni molekuli ndogo sana yenye salfa ya kuishika zinki hiyo, na isiyoharibiwa tumboni. Hiyo ni kaptopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Enalapril na lisinopril zikafuata. Ndani ya vidonge hivyo hamna hata tone la sumu; kilichochukuliwa kwa nyoka ni mbinu.

Je, wajua kwa nini sumu, na si maziwa au asali, ndiyo inayowavutia wagunduzi wa dawa? Mnyama mwenye sumu ana kiasi kidogo tu cha kutumia, na windo lake likikimbia amelala njaa. Kwa mamilioni ya miaka zilizobaki ni molekuli zinazofanya kazi haraka, kwa kiasi kidogo mno, na zinazolenga sehemu moja mahususi: mshipa wa damu, neva, au kuganda kwa damu. Mtengeneza dawa anatafuta sifa hizohizo. Kazi ngumu inayobaki ni kupata kipimo kisichodhuru.

Je, wajua kwamba konokono wa baharini naye ametoa dawa ya maumivu? Ni konokono wa jenasi ya *Conus*, mwenye gamba zuri lenye umbo la pia, anayewinda kwa kurusha jino lenye sumu. Mfilipino Baldomero Olivera na wanafunzi wake huko Utah walitenganisha sumu hiyo sehemu baada ya sehemu, kisha wakaidunga kila moja kwenye ubongo wa panya. Moja ilimlaza usingizi, nyingine ikamtetemesha. Kutoka kwa konokono mmoja wa aina hiyo ikapatikana zikonotidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Huziba njia za kalsiamu ambazo neva hupitishia taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo, na haileti uraibu kama mofini. Lakini lazima ipelekwe kwa pampu hadi kwenye majimaji yanayouzunguka uti wa mgongo, na inaweza kumchanganya mgonjwa akili au kumfanya aone visivyokuwepo. Kwa hiyo hupewa wenye maumivu makali ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia.

Je, wajua kwamba aina ya konokono hao iliyo hatari kuliko zote, *Conus geographus*, inaishi pia katika miamba ya pwani yetu? Imeua watu, na sumu yake haina dawa ya kuizimua. Ukimkuta konokono hai mwenye umbo la pia, usimwokote wala usimtie mfukoni.

Na tukirudi kwenye presha, kama unatumia dawa inayoishia na "-pril" ukapata kikohozi kikavu kisichokoma, yawezekana ni bradikinini iliyobaki mwilini. Usiiache dawa kimyakimya. Mweleze daktari, kwani zipo nyingine za kubadilishia. Ukivimba midomo, ulimi au uso, nenda hospitali mara moja. Na mjamzito asizitumie, maana zinamdhuru mtoto tumboni.