Kamisheni ya Shilingi Kumi na Hatari ya Elfu Moja

Uwakala wa mtandaoni nchini Kenya hauhitaji kaunta wala mtaji mkubwa. Unajisajili kwenye jukwaa, unaweka floti, na simu yako inaanza kuuza kredo, bando za data, tokeni za Kenya Power na malipo ya ving'amuzi. Kila mauzo hukatwa kwenye floti, nawe hupata kamisheni. Viwango hutofautiana baina ya majukwaa, lakini kwa kawaida kredo hulipa vizuri kuliko umeme.

Tuchukue mfano. Jukwaa linakupa asilimia 4 kwa kredo na asilimia 1 kwa tokeni. Kwa siku unauza kredo ya shilingi 3,000 na tokeni za 4,000. Kamisheni yako ni 120 kwa kredo na 40 kwa umeme, jumla 160. Hapo bado hujatoa gharama ya kupokea pesa. Mteja akinunua tokeni ya 1,000 na kulipa kwa nambari yako ya Lipa na M-Pesa, ada yake, takriban nusu ya asilimia moja, inakula shilingi tano kati ya kumi ulizopata. Wengi hawaioni ada hii kwa sababu hukatwa kwenye akaunti nyingine, si kwenye floti.

Sasa tuseme umetuma kredo ya 1,000 kisha malipo yake yakakupotea. Floti iliyotoka ilikugharimu 960. Kuirudisha kunataka siku sita za biashara ya mfano wetu.

Matapeli wanajua jambo moja ambalo wakala mgeni hulipuuza: ulichouza hakirudi, lakini ulicholipwa kinaweza kurudi. Kredo ikishaingia kwenye laini ya mteja, jukwaa haliwezi kuichomoa. Pesa iliyotumwa kwa nambari yako ya kawaida ya M-Pesa, kinyume chake, mtumaji anaweza kuomba irudishwe kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, na Safaricom ikiikuta bado ipo inaweza kuizuia huku ikichunguza. Ndiyo sababu mteja mgeni anayetaka kredo nyingi kwa haraka, igawanywe kwenye laini kadhaa, anastahili kutiliwa shaka. Kwenye Pochi la Biashara mteja hawezi kurudisha malipo bila wewe kukubali, kwa hiyo pokea huko badala ya nambari yako binafsi. Na salio uliangalie mwenyewe kwenye menyu. Arafa ya malipo inaweza kuandikwa na yeyote.

Hasara nyingine haina mwizi hata mmoja. Umetuma kredo, mtandao ukalegea, na skrini inaonyesha `Pending`. Mteja analalamika, unatuma tena, na baada ya dakika kumi zote mbili zinaingia. Neno hilo halimaanishi kwamba muamala umeshindwa. Linamaanisha jukwaa halijapata jibu kutoka kwa kampuni ya simu. Subiri lipate jibu la mwisho, au uliza huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya muamala. Wakati mwingine kredo imefika, ila imelipa deni la Okoa Jahazi, na mteja anaona salio halijaongezeka. Muulize kuhusu deni kabla ya kugusa simu.

Umeme una usalama wake. Tokeni ni tarakimu 20 zilizotengenezwa kwa mita moja tu. Haifai kwingine, kwa hiyo mwizi hana wa kumuuzia. Ukinunua mara mbili kwa bahati mbaya, na jukwaa halijamtumia mteja arafa, tokeni ya pili imo mikononi mwako na unaweza kumuuzia mteja yuleyule wiki ijayo. Tokeni ikichelewa, mwenye mita anaweza kuitafuta kupitia *977# kabla hamjanunua nyingine. Hatari yake ni kukosea nambari ya mita, basi soma jina linalotokea kwenye skrini na mteja alithibitishe.

Kredo ndiyo inayowavutia wezi, kwa kuwa huuzika upesi. Anayepata nambari yako ya siri, mara nyingi kwa kujifanya mhudumu wa jukwaa, humaliza floti kwa kuitawanya kwenye laini nyingi ndani ya dakika chache. Floti ya siku moja au mbili inatosha. Kuweka ya mwezi mzima ni kumwekea mwizi.

Kuna pia majukwaa ambayo yenyewe ni utapeli. Kamisheni ya asilimia 15 kwenye kredo haina pa kutoka, kwa maana muuzaji wa jumla mwenyewe hapati punguzo la namna hiyo. Jukwaa likikulipa zaidi kwa kuleta wanachama kuliko kwa kuuza, pesa unayoiona ni ada za waliojiunga baada yako. Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya mwaka 2011 inaipa Benki Kuu ya Kenya kazi ya kuidhinisha watoa huduma za malipo, na orodha yao imechapishwa. Jukwaa lisipokuwemo, uliza linatumia leseni ya nani. Kisha weka floti ndogo, uza kidogo, na uombe kutoa kamisheni na floti iliyobaki. Likikudai ada kwanza ndipo likulipe, usiongeze hata shilingi.