Kionjo cha Filamu, Sehemu ya Pili: Kukata Kabla ya Jibu

Juma lililopita tulieleza namna ya kuitazama filamu iliyokamilika na kuandika dakika ya kila shoti inayofaa kionjo. Leo tunakata. Mfano wetu ni Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962, ambayo ilipigwa kwa sehemu kubwa katika Tanganyika, pamoja na Momella, chini ya Mlima Meru. Ina dakika 157. Tuseme tunataka kionjo cha sekunde 45, na kwa kuwa filamu ina umri wa zaidi ya miaka 60, tutautaja mwisho wake bila kumdhulumu mtu.

Kundi la wakamataji linawinda wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama. Mwanzoni kabisa faru anamchoma mguu mmoja wao, aitwaye Indian, wakiwa mbioni kwa gari, naye anakimbizwa hospitali Arusha. Baadaye anakuja mpigapicha wa kike, Dallas, anayewalea ndama watatu wa tembo. Mwishoni Dallas anaondoka, na ndama hao wanamfuata hadi katikati ya mji wa Arusha.

Mhariri mchanga hukimbilia tembo mjini, maana ndiyo shoti inayochekesha kuliko zote. Lakini tazama inachokisema: Dallas ameondoka, na ndama wanamtafuta. Mtazamaji akishaiona, kila ugomvi kati ya Dallas na mkuu wa kundi unakosa uzito, kwa sababu anajua unakoelekea. Hata hivyo si lazima tembo wafichwe. Ndama akinyonya chupa mkononi mwa Dallas hatoboi siri yoyote. Mtaa wa Arusha peke yake hautoboi pia. Siri inatoka vitu hivyo viwili vinapokutana katika fremu moja. Kwa hiyo tunachukua ndama wa kambini, tunaacha mji.

Kwa faru kazi ni ngumu zaidi. Kukimbizana kule kwa mwanzo ni halali kukutumia, kwani mtazamaji atakuona katika dakika za awali. Tunaanza na vumbi na muungurumo wa injini, kisha John Wayne, mkuu wa kundi, akiwa kwenye kiti kilichofungwa ubavuni mwa lori, mti wenye kitanzi mkononi. Faru anageuka, pembe inalielekea gari dogo. Hapo tunakata, fremu chache kabla ya pembe kufika, na skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja huku kishindo kikisikika. Ukiacha shoti iendelee hadi damu, umeshajibu swali ulilokuwa unaliuliza.

Kuna uvujaji mwingine ambao wengi hawauoni, nao ni ushahidi ulio kwenye nguo, bendeji na mahali. Ukiweka kishindo kile, kisha sekunde kumi baadaye ukamwonyesha Indian akirudi kazini, umetangaza kwamba alipona. Filamu inatumia muda wake mzuri kumfanya mtazamaji asiwe na hakika, hata kumtafuta mtu wa kumtolea damu, na wewe umeufuta kwa shoti moja. Dawa yake ni kupitia orodha yako ukiuliza juu ya kila mhusika: shoti hii inamwonyesha kabla ya hatari au baada yake? Kama ni baada, itoke, hata ikiwa nzuri sana. Ndiyo maana napendelea kuchukua karibu kila kitu katika theluthi ya kwanza, yaani dakika 52 hivi, na kutoka sehemu zilizobaki niazime tu mandhari au nyuso zisizobeba habari.

Sauti nayo huvujisha. Muziki wa Henry Mancini unaowasindikiza ndama wa tembo umekuwa maarufu kuliko filamu yenyewe. Ukiutandaza chini ya kionjo kizima, utakapofika mahali pake ndani ya filamu utakuwa umeshachoka. Kwa filamu yako mwenyewe, mwombe mchanganya sauti akupe maneno, muziki na vishindo katika mafaili matatu tofauti. Muziki ukiwa umeshikana na maneno, kila unapokata utasikika ukiruka. Soma pia mkataba wa wimbo: ruhusa ya kuutumia katika filamu haimaanishi unaruhusiwa kuutumia katika tangazo.

Kisha waonyeshe watu watano au sita ambao hawajaiona filamu, kama majirani zako, na si waigizaji wako. Usiwaulize kama wamependa. Waombe wakusimulie wanachodhani kitatokea. Wakibishana kama yule mtu aliyechomwa atapona, kionjo kimeshika. Mmoja akisema kwa uhakika kwamba atapona, mrudishie kionjo taratibu na umwombe akusimamishe mahali alipojulia. Mara nyingi atakuonyesha shoti isiyofika hata sekunde moja, uliyoiweka kwa sababu tu mwanga wake ulikuwa mzuri.