Paa Likiezuliwa, Kodi Ihesabiweje?

Kuna Bwejuu mbili ambazo wasomaji huzichanganya. Moja ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, nyingine ni kisiwa kidogo cha Wilaya ya Mafia, ndugu wa Chole, Juani na Jibondo. Kwa mpangaji, tofauti hii ina uzito. Mafia iko Mkoa wa Pwani, kwa hiyo mambo yake ya ardhi yanafuata sheria za Tanzania Bara, wakati Zanzibar ina sheria zake. Makala hii inazungumzia Bwejuu ya Mafia, na swali lake ni moja: mwenye nyumba anapoanza ukarabati wa muda mrefu huku mpangaji yumo ndani, mpangaji aombe apunguziwe nini, na kwa hesabu gani?

Ukarabati wa kisiwani una sura yake. Saruji, mabati na misumari huvuka bahari kwa chombo. Kusi ikichafuka, mzigo hubaki ng'ambo na fundi hukaa akisubiri. Kazi iliyosemwa kuwa ya wiki mbili hufika mwezi na zaidi, na muda wote huo nyumba iko wazi. Tena wapangaji wengi wa Tanzania hulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Fedha imeshatoka mfukoni na huenda ndiyo iliyonunua hayo mabati, kwa hiyo mpangaji hana kodi ya mwezi huu ya kushikilia wala kupunguza. Anachoweza kudai kwa urahisi ni siku.

Kabla ya kuomba, jiulize usumbufu umetoka wapi, kwa sababu jibu ndilo linaloamua nguvu ya hoja yako. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi, Sura 113, iliyotungwa mwaka 1999, kinaingiza ahadi kadhaa za mwenye nyumba katika mkataba wa pango hata kama hazikuandikwa. Mbili zinatuhusu zaidi.

Ya kwanza ni ya maafa. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, dhoruba au janga jingine la asili bila uzembe wa mpangaji, hata ikawa haifai kukaliwa yote au sehemu yake, kodi husimama kwa kiwango kinacholingana na uharibifu mpaka nyumba ifae tena. Ikipita miezi sita haijatengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa kutoa taarifa ya mwezi mmoja. Watu wa Mafia hawahitaji kuelezwa dhoruba ni nini. Kimbunga Hidaya kilitua kisiwani humo tarehe 4 Mei 2024. Mpangaji ambaye paa lake limeng'olewa na upepo wa namna hiyo haombi hisani. Anamkumbusha mwenye nyumba kwamba sehemu ya kodi imeshasimama kisheria.

Ahadi ya pili ni ya utulivu. Mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake ana haki ya kuikalia nyumba kwa amani bila kuingiliwa na mwenye nyumba au mtu aliyetumwa naye, na fundi ni mtu aliyetumwa. Hapa ndipo unapoingia ukarabati wa hiari, kama vile kubadilisha makuti kuweka mabati au kuongeza chumba. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwenye nyumba aiweke nyumba katika hali ya kufaa kukaliwa na watu, na mpangaji anapaswa kumruhusu aingie kwa wakati unaofaa baada ya kupewa taarifa. Huwezi kulalamikia paa linalovuja kisha ukamzuia fundi. Kwa ukarabati wa hiari, basi, kodi haisimami yenyewe kama kwenye dhoruba. Inabidi mpangaji aonyeshe kwamba kazi imevuka usumbufu wa kawaida na imemnyima sehemu ya kitu alicholipia, kisha waelewane.

Nchi nyingine zimekata shauri tofauti. Ujerumani, kwa mfano, kifungu cha 536 cha sheria yao ya madai kinaishusha kodi moja kwa moja mara nyumba inapopungukiwa na kufaa kwake, zikiwemo kelele nyingi za ujenzi, hata kama mwenye nyumba hana kosa. Mpangaji wa Bwejuu hana njia fupi namna hiyo kwa ukarabati wa hiari, ndiyo maana hesabu yake lazima iwe safi.

Tuchukue mfano. Mwalimu amepanga nyumba ya vyumba viwili na sebule, jiko na choo vikiwa uani. Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, naye amelipa miezi sita, yaani 360,000, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 30 Juni. Mwezi wa tatu mwenye nyumba analeta mafundi waezue makuti, watoe boriti zilizooza, waongeze kozi za tofali juu ya kuta, kisha waezeke mabati. Kazi inachukua siku 45.

Kosa la wengi ni kuziweka siku zote 45 kwenye kapu moja na kuomba nusu ya kodi. Mwenye nyumba atakataa, na ana sababu, kwa kuwa siku hizo hazifanani. Kwa mwezi wa siku 30, kodi ya siku moja ni shilingi 2,000. Zigawe siku kwa hali ya nyumba ilivyokuwa.

Siku 10 za mwanzo paa lote halipo. Mwalimu amehamia kwa mwenzake na vyombo vyake vimefunikwa turubai. Nyumba haikaliki, kwa hiyo upotevu ni wote: siku 10 mara 2,000 ni 20,000. Siku 20 zinazofuata upande mmoja umeezekwa na amerudi kulala, ila sebule na chumba cha pili vimejaa mbao na mifuko ya saruji. Amepoteza takriban nusu ya matumizi, yaani 1,000 kwa siku, nayo ni 20,000. Siku 15 za mwisho vyumba vyote vinatumika, lakini nyundo na vumbi vinaendelea mchana. Hapo akikadiria sehemu moja ya tano, ni 400 kwa siku, jumla 6,000. Ukijumlisha unapata 46,000. Gawa kwa 2,000, ni siku 23. Ombi lake sasa linasemeka kwa sentensi moja: mkataba uliokuwa uishe 30 Juni uishe 23 Julai bila nyongeza ya kodi.

Sheria haijaweka jedwali la viwango hivyo vya nusu na sehemu ya tano. Ni makadirio, na hutetewa kwa ushahidi. Kigezo cha sehemu iliyopotea ni rahisi, maana vyumba vinahesabika. Kelele ni ngumu zaidi. Mwalimu anayeshinda shuleni hawezi kuzipa uzito uleule ambao angezipa muuguzi wa zamu ya usiku anayelala mchana. Ndiyo maana katika mfano huu nimeziweka chini.

Jambo jingine linalosahaulika ni siku ambazo fundi hayupo. Mwenye nyumba atasema, "Wiki ile hakuna aliyegonga msumari, unadai nini?" Jibu linategemea unachodai. Kama ni kelele, kweli siku hiyo haihesabiwi. Kama ni paa, inahesabiwa, kwa sababu nyumba iko wazi hata kama fundi anasubiri mabati. Chombo kilichochelewa si kosa la mwenye nyumba, lakini si kosa la mpangaji pia, na aliyelipia nyumba yenye paa ni mpangaji.

Kwa hiyo weka daftari. Andika tarehe, sehemu isiyotumika, saa kazi ilipoanza na kuisha, na mahali ulipolala. Piga picha kabla makuti hayajaguswa na kila hali inapobadilika. Daftari la kila siku lina uzito kuliko maelezo marefu yaliyoandikwa baada ya ugomvi. Ni muhimu zaidi pale ambapo hakuna karatasi, kwa kuwa pango la mwaka mmoja au pungufu linaweza kuwa la mdomo, na kisiwani mengi ni ya mdomo.

Kisha andika barua fupi, hata kama mnaonana kila siku msikitini. Inaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mzee. Nashukuru kwa kutengeneza paa. Kama tulivyoona wote, kuanzia tarehe 1 Machi nyumba haikukalika siku 10, na siku 20 nilitumia chumba kimoja tu. Siku 15 zilizofuata kazi iliendelea nikiwa ndani. Naomba siku hizo zifidiwe kwa kuongezewa siku 23 mwisho wa mkataba, kodi ikibaki ileile. Hesabu nimeiambatanisha. Naomba tukae tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji."

Maneno "kodi ikibaki ileile" yasiachwe. Nyumba ya makuti ikishakuwa ya bati, mwenye nyumba hupandisha kodi, na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984 ilikwishafutwa mwaka 2005. Usipoandikisha, siku ulizopewa zinaweza kuliwa na bei mpya.

Yapo ambayo ombi hili haliwezi kubeba. Jirani akijenga kwenye kiwanja chake, mwenye nyumba wako hajavunja ahadi ya utulivu. Malalamiko hayo yapeleke kwa uongozi wa kijiji. Uharibifu ulioufanya mwenyewe hauhesabiwi. Kazi uliyoijua siku unapanga, na kodi ikashushwa kwa ajili hiyo, umeshalipwa.

Mkishindwana, msuluhishi wa karibu kwenye ardhi ya kijiji ni Baraza la Ardhi la Kijiji, ambako Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura 114, nayo inahusika. Juu yake kuna Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Lisipofanikiwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini pima: nauli ya chombo, ada na siku za kazi zilizopotea zitaila ile 46,000 kabla shauri halijasikilizwa. Usiache pia kulipa kodi mpya ili kumshinikiza mwenye nyumba, maana atakuwa na deni la kukushitaki na sababu ya kukutoa.

Kwa sababu hiyo wakati bora wa kuomba ni siku mafundi wanapotajwa. Muulize mwenye nyumba mambo matatu: paa litakuwa wazi siku ngapi, chumba gani kitabaki salama, na siku zikizidi zitahesabiwaje. Kubalianeni kiwango cha siku ya nyumba nzima, cha nusu na cha kelele, mkiandike na kutia saini mbele ya shahidi. Kazi ikirefuka, kitakachobaki ni kuhesabu tarehe.