Kikao kimeisha, kichwani bado kinaendelea

Chukua kikao cha harusi, vile vya Jumapili jioni ambavyo karibu kila familia ya Dar es Salaam inavijua. Binti wa miaka 27, binamu wa bibi harusi, amepewa kazi ya kumsaidia mweka hazina. Ajenda imefika kwenye mapambo. Ananyoosha mkono na kuuliza: "Mwenyekiti, hizo milioni 2 za maua zinatoka wapi wakati ahadi nyingi hazijalipwa?" Mwenyekiti, ambaye ni baba mdogo wa bwana harusi, ananyamaza kidogo, anajibu, "Hilo tutaliangalia," kisha anaingia ajenda inayofuata. Upande wa pili wa meza kuna mtu anacheka, simu mkononi.

Tukio zima halikumaliza dakika moja. Lakini saa saba usiku binti huyo yuko macho, anaurudia mjadala neno kwa neno. Sauti ilitetemeka. Baba mdogo amekasirika. Yule alikuwa ananicheka mimi. Wataniona sina adabu. Kwa nini sikunyamaza? Kisha anatunga upya sentensi ambayo angepaswa kuisema, yenye "samahani wazee wangu" mwanzoni na sauti tulivu. Akimaliza kuitunga, anaanza upya.

Binti huyu ni wa mfano tu, ila usiku wake wanaujua wengi: aliyetoka kwenye usaili wa kazi, aliyetambulishwa kwa wakwe, aliyejibu swali la bosi mbele ya wenzake. Wengi huamini kwamba wanakumbuka kilichotokea ili wajifunze. Utafiti wa miaka 30 iliyopita unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachorudiwa usiku si kilichotokea bali kilichohisiwa, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya hukumu iwe kali kupita kosa.

Ushahidi unaotoka ndani

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza kinachomtokea mtu mwenye wasiwasi mbele za watu. Mara anapohisi kwamba anapimwa, macho ya akili yake yanageuka na kujitazama yeye mwenyewe. Anasikia uso ukipata joto, koo likikauka, mikono ikilowa jasho. Kwa hisia hizo anajichorea picha ya jinsi anavyoonekana: kama najisikia nimetetemeka hivi, basi wote wanaona nimetetemeka hivi.

Akiwa amezama humo, nyuso za watu hazitazami sawasawa. Binti wetu hakuona kama mwenyekiti aliandika kitu kwenye daftari, wala hakusikia shangazi aliyeguna kukubali. Alitoka kikaoni na kumbukumbu nyingi za mwili wake na kumbukumbu chache za watu. Usiku, akili inapokagua tukio, inakagua ghala hilohilo. Pengo la yale ambayo hakuyaona linajazwa na hofu, na hofu ikishaingia inaita ndugu zake: siku ile darasani alipokosea kusoma, siku ile msibani alipotaja jina la marehemu vibaya. Ndiyo maana swali moja la maua linaweza kuishia kwenye kauli kwamba "mimi sijui kuongea na watu".

Dalili moja husaidia kutambua kwamba kinachochezwa si kumbukumbu halisi. Jiulize unajiona kutoka wapi. Ukiwa kikaoni ulitumia macho yako mwenyewe, ukaona meza na watu waliokuzunguka. Kama kwenye marudio unajiona wewe mwenyewe kwa nje, umekaa, umeiva uso, kana kwamba kulikuwa na kamera ukutani, basi picha hiyo umeitengeneza. Hakuna aliyekuwa na kamera hiyo.

Wanachokiona watu, na wasichokiona

Mwaka 2000 watafiti watatu wa Marekani wakiongozwa na Thomas Gilovich walichapisha jaribio lililopata umaarufu. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwanamuziki Barry Manilow, jambo ambalo vijana wale waliliona la aibu, akaingizwa kwenye chumba cha wenzake kisha akatolewa. Alipoulizwa ni wangapi wametambua picha ya fulana yake, kwa wastani alikisia karibu nusu. Waliotambua kweli walikuwa karibu robo tu. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake waliwakutanisha watu wasiofahamiana wakazungumza kwa dakika chache, kisha kila mmoja akaeleza amempenda mwenzake kiasi gani na anadhani mwenzake amempenda kiasi gani. Kwa wastani watu walidhani wamependwa pungufu ya walivyopendwa, na wenye haya ndio waliopunja zaidi.

Matokeo haya yasichukuliwe kijuujuu. Wanafunzi wale hawakuwa ndugu. Kikao cha harusi kina wakwe, wazee na kumbukumbu ndefu, na kwetu neno lililomgusa mzee mbele ya watu linaweza kweli kusafiri hadi kijijini. Kumwambia binti huyu kwamba hakuna aliyemsikia ni kumdanganya. Walimsikia. Wameelewa kwamba amehoji bajeti, na huenda wapo ambao hawakupenda. Ambacho hawana ni koo lake lililokauka na mapigo ya moyo wake. Watu huchukua maana ya maneno zaidi kuliko mtetemo wa sauti, na kinachotuadhibu usiku mara nyingi ni ule mtetemo.

Wazo halisukumiki

Jambo la kwanza ambalo wengi hulijaribu ni kujikataza: "Acha kuwaza, lala." Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia. Walipiga mara kwa mara, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Jambo la pili ni kutafuta hakikisho. Binti anamtumia dada yake ujumbe: "Nilikosea sana leo?" Jibu la "wala hujakosea" linampoza kwa muda mfupi, halafu anaanza kujiuliza kama dada amesema hivyo kumridhisha tu. Siku hizi kuna na hili la kundi la WhatsApp la kamati: kuchungulia nani ameona ujumbe, nani hajajibu, kutuma maelezo marefu na kuyafuta, yakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Kila uchunguzi wa namna hiyo unafungua kesi upya bila kuleta ushahidi mpya.

Kinachofaa zaidi ni kuahirisha. Wazo linapokuja kitandani, mtu halikatazi wala haliingii. Analitaja, "nimeanza kurudia kikao", na kulipa miadi: kesho saa kumi na moja jioni, dakika 15, mezani, si kitandani. Njia hii imekua kutokana na kazi ya Thomas Borkovec na wenzake, ambao mwaka 1983 waliwapa watu wenye mahangaiko nusu saa maalumu ya kuhangaika kila siku, mahali palepale na saa ileile. Mara nyingi saa ikifika, jambo limekwisha nguvu. Kama bado lina nguvu, ndipo karatasi inapohitajika.

Dakika 15 za karatasi

Binti wetu anachora safu tatu. Ya kwanza ni ya yale tu ambayo simu ya kurekodi ingeyanasa: niliuliza kuhusu milioni 2, mwenyekiti alinyamaza kidogo, alisema "hilo tutaliangalia", mtu mmoja alicheka akiwa na simu. Ya pili ni ya yale aliyoyaongeza: amekasirika, alinicheka mimi, wameniona sina adabu. Mara nyingi watu hushangaa kuona safu ya kwanza ilivyo fupi. Ya tatu ni ya maelezo mengine yanayolingana na safu ya kwanza: mwenyekiti hakuwa na jibu, mtu yule alikuwa anasoma kichekesho.

Hatua hii haimlazimishi aamini maelezo mazuri. Inamwonyesha tu kwamba ushahidi alionao hautoshi kumtia mtu hatiani. Baada ya hapo anabadilisha swali. "Kwa nini mimi niko hivi?" ni swali lisilo na mwisho. Mwanasaikolojia Edward Watkins wa Uingereza ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba maswali ya jumla ya namna hiyo ndiyo yanayolisha mawazo ya kujirudia, ilhali maswali mahususi huyapunguza. Basi anauliza: nilisema neno gani, kwa nani, na mara nyingine nitalisemaje? Jibu lina mwisho: nitamwona mwenyekiti kabla ya kikao.

Na ajisemeshe kwa jina lake, kama anavyosemeshwa na dada mkubwa. Ethan Kross na wenzake waliripoti mwaka 2014 kwamba watu waliojiandaa kutoa hotuba kwa kujiita majina yao badala ya "mimi" walijichambua kwa uchungu mdogo zaidi baada ya hotuba. Hakuna dada ambaye angemwambia mdogo wake kwamba hajui kuongea na watu. Angemwambia: "Swali lilikuwa la haki, ila ulilitupa mbele ya wageni."

Ikitokea karatasi ikaonyesha kosa la kweli, dawa ni fupi. Kosa la kweli lina tendo na lina mtu aliyeumia. Anapiga simu moja: "Shikamoo baba. Jana niliuliza suala la maua mbele za watu, nilipaswa kuja kwako kwanza. Naomba radhi." Bila kujitukana, bila kuomba ahakikishiwe mara tatu kwamba amesamehewa. Aibu isiyo na tendo wala mtu wa kuombwa radhi haihitaji msamaha wa yeyote.

Jaribio la kikao kijacho

Karatasi peke yake haimalizi kazi, kwa sababu ghala la kumbukumbu lazima lijazwe vitu vipya. Kabla ya kikao kijacho anaandika utabiri wake: "Nikizungumza, wawili watacheka na mwenyekiti atanikatisha." Akifika, anaacha ngao zake, kama kukariri sentensi kichwani au kufunika mdomo kwa mkono, maana ngao hizo ndizo zinazomrudisha kujitazama. Anazungumza huku akitazama nyuso, kisha analinganisha alichotabiri na alichokiona. Wataalamu wanaotibu wasiwasi huu hufanya vivyo hivyo kwa video: mgonjwa anatabiri atakavyoonekana, halafu anajitazama kama anavyotazama mtu asiyemjua. Wengi hukuta wameonekana watulivu kuliko walivyodhani.

Ipo mipaka ya kujitibu. Kama kwa miezi sita au zaidi mtu anakwepa vikao, anakataa kazi kwa kuogopa usaili, au anahitaji pombe ili azungumze, huo unaweza kuwa ugonjwa wa wasiwasi wa kijamii, na una tiba ya mazungumzo iliyothibitishwa. Aende kwa mtaalamu wa afya ya akili, kama wale wa Muhimbili, Mirembe jijini Dodoma au Mathari jijini Nairobi. Na mawazo yakigeuka kuwa ya kutotaka kuishi, asingoje miezi.

Kwa wengine, kipimo cha maendeleo si usiku usio na wazo hata moja, kwa sababu kila anayejali watu hurudia maneno yake wakati mwingine. Kipimo ni kama Jumapili inayofuata ulikwenda, na ulipokuwa na swali, ukaliuliza.