Pete Yenye Meno ya Ndani: Hesabu Inayogeuka

Katika giaboksi ya sayari, gia ya katikati huitwa jua, na gia ndogo zinazolizunguka huitwa sayari. Zote zimezingirwa na pete kubwa ambayo meno yake yanatazama ndani. Pete hiyo ikiharibika na mchoro wake haupo, fundi mchongaji anaweza kupata vipenyo vyake akijua mambo mawili tu: idadi ya meno na moduli, yaani kipimo cha milimita kinachoeleza ukubwa wa jino.

Tuseme moduli ni 2, jua lina meno 24, kila sayari ina meno 18, na pete ina 60. Zidisha 60 kwa 2, utapata milimita 120. Hicho ni kipenyo cha duara la kukutania, mahali ambapo gia mbili huhesabiwa kuwa zinagusana.

Kwenye gia ya kawaida ncha za meno ziko nje ya duara hilo, kwa hiyo fundi amezoea kuongeza moduli mbili. Kwenye pete, ncha zinaelekea katikati, kwa hiyo anatoa: 120 kutoa 4 ni 116. Hilo ndilo tundu la kukereza kabla ya kukata meno. Mashina ya meno yako upande wa nje, hivyo anaongeza moduli mbili na nusu: 120 na 5 ni 125.

Ile nusu ya ziada ndiyo uhai wa gia. Kutoka katikati ya jua hadi katikati ya sayari ni milimita 42, na nusu kipenyo ya sayari hadi kwenye ncha ni 20. Ncha yake basi inafika 62, ilhali shina la pete liko 62.5. Inabaki nusu milimita ya kupitisha oili.

Fundi akitumia kanuni ya gia ya kawaida, tundu litakuwa 115 na mashina 124. Kosa ni milimita moja tu kwenye kila kipenyo, yaani nusu milimita kila upande, lakini nafasi yote imekwisha. Ncha za sayari zinagota kwenye mashina ya pete, gia inazunguka kwa uzito, na alama za kung'aa hujitokeza kwenye ncha badala ya ubavuni mwa meno.

Pete iliyochakaa inaweza kupimwa kwa kalipa kutoka ncha hadi ncha inayoikabili, mradi meno yawe shufwa. Yakiwa witiri, ncha hukabiliana na pengo na kipimo hudanganya. Kisha kipenyo kinagawanywa kwa meno kutoa mawili: 116 kwa 58 ni 2 kamili. Anayegawanya kwa 62 anapata 1.87, na hakuna moduli sanifu ya namna hiyo.

Kanuni hizi ni za meno yasiyosogezwa. Kwa kawaida meno ya pete ni sawa na ya jua pamoja na ya sayari mara mbili: 24 na 36 ni 60. Kwenye Toyota Prius jua lina 30, sayari 23 na pete 78, wakati hesabu ingetaka 76. Tofauti kama hiyo inaonyesha kwamba meno yamesogezwa makusudi, na vipenyo vyake havitolewi na moduli peke yake.