Usaili wa Programu: Kichwa Kifikiri, Mdomo Useme

Anayeomba kazi ya kuandika programu za kompyuta mara nyingi hukutana na usaili wa aina yake. Hupewa swali moja au mawili, ukurasa mtupu na muda usiozidi saa moja, kisha huambiwa aandike programu huku msaili akimtazama. Msaili hasubiri tu kuona kama programu itafanya kazi. Anataka kusikia ilivyofikiwa, kama vile mwalimu wa hisabati anavyotoa alama za njia hata jibu la mwisho likikosewa. Tofauti ni kwamba hapa sehemu kubwa ya njia haiandikwi, inasemwa.

Kusema huko ndiko kunakowaangusha wengi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na kampuni ya Microsoft walichapisha matokeo ya jaribio lao. Kundi moja la wanafunzi wa kompyuta lilitatua swali kwenye ubao mbele ya msaili, likieleza linachofikiri. Kundi jingine lilitatua swali la namna hiyohiyo ndani ya chumba, kila mtu peke yake. Waliotazamwa walifanya vibaya mno, kiasi cha nusu tu ya wenzao. Kwa hiyo anayefanya mazoezi kimya chumbani anajiandaa kwa chumba cha pili, ilhali siku ya usaili atapelekwa cha kwanza. Kutatua na kueleza ni kazi mbili zinazogombea akili moja, na lazima zizoezwe pamoja.

Tuchukue swali ambalo karibu kila anayejiandaa hukutana nalo, tulivike nguo za dukani. Una orodha ya malipo yaliyoingia kwa simu leo. Tafuta malipo mawili ambayo jumla yake ni shilingi 1,000, utaje nafasi zake kwenye orodha.

Asiyezoea huanza kuandika papo hapo. Aliyezoea huuliza kwanza: "Je, kiasi kimoja kinaweza kujirudia? Naruhusiwa kutumia lipo moja mara mbili? Nirudishe nini kama hakuna jozi?" Maswali haya si adabu tu. Kila jibu linabadilisha programu. Tuseme msaili amejibu kwamba viasi vinaweza kujirudia, lipo moja halitumiki mara mbili, na jozi ikikosekana programu irudishe `None`.

Hatua ya pili ni mfano mdogo unaofanywa kwa mkono, kwa sauti: "Nina 450, 500, 300 na 700. Jibu ni 300 na 700, yaani nafasi ya 2 na ya 3, tukianza kuhesabu na sifuri." Mfano huu utatumika tena mwishoni, kwa hiyo uandike pembeni.

Kisha itaje njia ya wazi, hata kama ni ya polepole: "Naweza kulinganisha kila lipo na kila lipo jingine. Kwa malipo 4 ni jozi 6 tu, lakini kwa malipo 10,000 ni karibu jozi milioni 50. Nadhani tunaweza kufanya vizuri zaidi." Wengi huona aibu kuitaja njia hiyo, wakakaa kimya wakitafuta ya kijanja. Ikichelewa kuja, msaili anabaki hana cha kuandika kwenye karatasi yake. Njia ya polepole ikishatajwa, tayari una jibu mkononi, na mazungumzo sasa ni ya kuliboresha.

Uboreshaji unatokana na swali moja: nikiwa nimeshika 700, ninatafuta nini hasa? Ninatafuta 300. "Kwa hiyo sihitaji kupitia orodha yote tena. Nahitaji tu kujua kama 300 imeshapita. Nitaweka kila kiasi kilichopita kwenye kamusi, pamoja na nafasi yake. Nitatumia kumbukumbu zaidi ya kompyuta, lakini orodha nitaipitia mara moja tu." Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito, kwa sababu inataja faida na gharama yake. Baada yake ndipo msimbo unapoandikwa, hapa kwa lugha ya Python:

```python
def jozi(malipo, lengo):
    zilizopita = {}
    for i, kiasi in enumerate(malipo):
        pungufu = lengo - kiasi
        if pungufu in zilizopita:
            return zilizopita[pungufu], i
        zilizopita[kiasi] = i
    return None
```

Wakati wa kuandika, usisome mistari kwa sauti. Msaili anaiona. Mwambie asichokiona: "Natafuta kwanza, ndipo naweka. Nikigeuza mpangilio huo, lipo la 500 litajikuta lenyewe kwenye kamusi na kuhesabiwa mara mbili." Ukinyamaza ili ufikiri, tangaza: "Naomba nusu dakika niwaze mpangilio huu." Kimya kilichotangazwa hakimsumbui mtu, kisichotangazwa hufanana na kukwama.

Mwisho, rudi kwenye mfano wa pembeni na uupitishe mstari kwa mstari. Kwa 450 pungufu ni 550, haimo. Kwa 500 pungufu ni 500, haimo bado. Kwa 300 pungufu ni 700, haimo. Kwa 700 pungufu ni 300, imo katika nafasi ya 2, basi jibu ni 2 na 3. Kisha jaribu orodha tupu, na orodha yenye 500 moja tu. Ukigundua kosa hapo, litaje na ulirekebishe. Kosa ulilolikamata mwenyewe ni bora kuliko lile ambalo msaili atakuonyesha.

Mazoezi ya nyumbani yafuate mfumo huohuo. Weka saa dakika 25, andika kwenye karatasi au kwenye kihariri kisichokamilisha maneno, na washa kinasa sauti cha simu. Ukimaliza, sikiliza. Ukisikia "sasa naandika hiki, sasa naandika kile" bila "kwa sababu", unatangaza mpira, huelezi mawazo. Ukisikia kimya kirefu kisichotangazwa, weka alama mahali kilipoanzia. Mara nyingi ni palepale ulipopaswa kutaja njia ya polepole. Saa ikiisha hujapata kitu, soma wazo la jibu tu, lifunge, uandike mwenyewe. Baada ya siku chache lifanye tena kutoka ukurasa mtupu. Jibu lililokaririwa hutambulika haraka: msaili hubadilisha sharti moja, na msemaji hukosa maneno.

Pata pia mwenzako asiyejua jibu, akukatize. Akisema, "Una uhakika na mstari huo?", usijitetee, upitishe mfano mbele yake. Swali kama hilo kutoka kwa msaili mara nyingi ni msaada. Na kwa kuwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki usaili huu hufanyika kwa Kiingereza, rudia maelezo kwa lugha utakayoulizwa baada ya kuyanyoosha kwa Kiswahili. Maneno ya "pungufu" na "nafasi" hayaji yenyewe ulimini mtu akiwa na wasiwasi.

Maelezo mazuri hayaiponyi programu mbovu, na baadhi ya waajiri hutoa kazi ya kufanyia nyumbani badala ya usaili huu. Lakini ukiitwa kwenye ule wa ana kwa ana, tegemea swali la nyongeza: "Na kama malipo yamepangwa kuanzia dogo hadi kubwa, bado unahitaji kamusi?" Huhitaji. Shika lipo dogo kabisa na kubwa kabisa, uyajumlishe. Jumla ikipungua, sogeza upande wa dogo. Ikizidi, sogeza upande wa kubwa. Washa kinasa sauti, ueleze kwa nini njia hiyo hairuki jozi hata moja.